Kuomba ridhaa ya mwenye jengo unapohamisha pango la biashara Uganda: hatua kwa hatua, na masharti anayoweza kukuwekea

Anayeuza duka lililo katika jengo la kupanga huuza vitu viwili kwa wakati mmoja. Cha kwanza ni biashara yenyewe, yaani bidhaa, rafu, jina na wateja, na hivyo ni vyake auze apendavyo. Cha pili ni haki ya kuendelea kukaa katika chumba kile hadi muda wa mkataba utakapokwisha, na haki hiyo, katika mikataba karibu yote ya pango la biashara inayotumika Kampala, Jinja, Mbale au Arua, haiwezi kupewa mtu mwingine bila ridhaa ya maandishi ya mwenye jengo. Mauzo mengi ya maduka huvurugikia hapa, kwa sababu mnunuzi huwa amekwisha kulipa, funguo zimekwisha kubadilisha mikono, na mwenye jengo ndiye anakuwa wa mwisho kuambiwa.

Mwongozo huu unahusu kuhamisha pango lote kwa muda wote uliobaki, ili mnunuzi achukue nafasi ya mpangaji wa kwanza. Haujadili kupangisha sehemu ya chumba kwa mtu mwingine huku mpangaji wa kwanza akibaki katikati, kwani huo ni uhusiano wa namna nyingine na mara nyingi una kifungu chake.

Ili maelezo yashike, tutafuata mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho. Mfanyabiashara wa vitambaa amepanga duka la chini katika jengo la maduka karibu na mtaa wa William, Kampala. Mkataba wake ni wa miaka mitano, kuanzia tarehe 1 Machi 2023 hadi mwisho wa Februari 2028. Kodi ni shilingi 3,200,000 kwa mwezi, na aliweka amana ya mwezi mmoja. Sasa anataka kurudi Mombasa kuwatunza wazazi, na amepata kampuni ndogo ya vipodozi iliyo tayari kununua duka kwa shilingi 45,000,000: milioni 30 za vitambaa vitakavyouzwa kwa bei ya kumaliza akiba, na milioni 15 za rafu, taa na gudwili, au kilemba kama wengine wanavyokiita. Wamekubaliana kwamba makabidhiano yafanyike tarehe 1 Julai 2026, ambapo mkataba utakuwa umebakiza miezi 20.

Hatua ya kwanza: kusoma kifungu neno kwa neno

Fungua mkataba utafute kifungu kinachozungumzia kuhamisha, kukodisha kwa mwingine au kuachia umiliki wa chumba. Utakikuta katika mojawapo ya sura tatu, na nguvu yako ya kujadiliana inategemea sura hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Sura ya kwanza ni katazo kamili: mpangaji hatahamisha pango, basi. Hapa huna haki ya kudai chochote. Unachoomba ni hisani, na mwenye jengo anaweza kukataa au kuweka bei ya hisani hiyo. Sura ya pili inasema mpangaji hatahamisha pango bila ridhaa ya maandishi ya mwenye jengo, kisha inanyamaza. Sura ya tatu inaongeza maneno machache yenye uzito mkubwa, kwamba ridhaa hiyo haitazuiwa wala kucheleweshwa bila sababu za msingi.

Watu wengi hudhani kwamba sura ya pili na ya tatu ni kitu kimoja. Dhana hiyo imetokana kwa sehemu na vielelezo vya mikataba na makala kutoka Uingereza ambavyo watu hupakua mtandaoni. Huko, sheria ya bunge ya 1927 iliingiza takwa la sababu za msingi hata pale mkataba uliponyamaza, na sheria nyingine ya 1988 ikamlazimu mwenye jengo kujibu ndani ya muda unaofaa na kutoa sababu kwa maandishi. Sheria hizo ni za Uingereza na hazitumiki Uganda. Chini ya kanuni ya kawaida, yaani sheria ya Kiingereza iliyojengwa na hukumu za majaji badala ya bunge, ambayo mahakama zetu ziliirithi, kifungu cha sura ya pili kinaweza kusomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo ni hatari kuuza duka ukitegemea kwamba mahakama itajaza maneno yaliyokosekana. Kama mkataba wako ni wa sura hiyo, andika ombi lako kwa unyenyekevu wa mtu anayeomba, wala usiandike kama anayedai, na usifunge mauzo kabla ya jibu.

Katika mfano wetu kifungu ni cha sura ya tatu. Kinaongeza kwamba mpangaji asiwe na malimbikizo ya kodi siku anapoomba, na kwamba atalipa gharama za kisheria za mwenye jengo. Nyongeza za namna hii zisomwe kwa makini, maana mpangaji aliyezikiuka hupoteza haki ya kulalamika kwamba amenyimwa ridhaa bila sababu. Angalia pia kama mkataba unahesabu mabadiliko ya wenye hisa kuwa ni uhamishaji. Baadhi ya wapangaji huamini wanaweza kukwepa suala lote kwa kuuza hisa za kampuni badala ya pango. Kifungu cha aina hiyo kinaufunga mlango huo.

Hatua ya pili: kujua mkataba wako umesimama wapi

Kabla ya kuandika lolote, thibitisha mambo mawili yasiyohusu tabia ya mwenye jengo hata kidogo.

La kwanza ni usajili. Pango linalozidi miaka mitatu juu ya ardhi yenye hatimiliki linapaswa kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Hatimiliki, na maduka mengi ya Kampala yana mikataba ya miaka mitano ambayo haijawahi kufika katika ofisi ya ardhi. Mkataba kama huo haufi. Katika kesi ya Souza Figueiredo dhidi ya Moorings Hotel ya 1960, iliyotoka Uganda, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba pango lisilosajiliwa linaweza kuwafunga waliolitia saini kama mkataba kati yao. Tazama lakini maana yake kwa mnunuzi: yeye si miongoni mwa waliotia saini, wala hana haki iliyosajiliwa ya kushikilia. Anachokuwa nacho ni ahadi ya mwenye jengo tu. Kwa sababu hiyo, pale ambapo pango halikusajiliwa, ridhaa haipaswi kuwa barua ya mstari mmoja. Inapaswa kuwa hati ambayo mwenye jengo mwenyewe anaitia saini na kumtambua mnunuzi kuwa mpangaji wake kwa muda uliobaki.

La pili ni watu walio nyuma ya mwenye jengo. Fanya upekuzi wa hatimiliki katika ofisi ya ardhi. Ukikuta jengo limewekwa rehani benki, au kwamba mwenye jengo naye amepanga ardhi kutoka bodi ya ardhi ya wilaya au mmiliki mwingine, huenda ridhaa yake peke yake isitoshe. Muulize mapema kama benki au mmiliki wa juu anapaswa kuulizwa, kwa sababu benki haina haraka yako, na wiki mbili ulizojitengea zinaweza kuwa mbili za kwanza tu.

Kisha tengeneza nyumba yako. Lipa kodi yote, ada ya huduma, maji na umeme, na uombe taarifa ya akaunti yako iliyosainiwa na meneja wa jengo. Katika mfano wetu mfanyabiashara aliona kwamba anadaiwa shilingi 900,000 za ada ya huduma ambazo alikuwa akizibishia kwa miezi kadhaa. Alizilipa, huku akiandika kwamba anahifadhi haki yake ya kuzipinga, kwa sababu ubishi wa laki tisa haufai kuwa kizingiti cha mauzo ya milioni 45.

Hatua ya tatu: kumwonyesha mnunuzi kama ambavyo mwenye jengo angependa kumwona

Mwenye jengo mwenye busara ana maswali matatu tu: mtu huyu ataweza kulipa? Atafanya nini ndani ya chumba changu? Na amewahi kupanga kwingine, ikawaje? Mnyime majibu na utakuwa umempa sababu halali ya kuchelewa. Mahakama haiwezi kumlaumu mtu kwa kukataa kumridhia mtu asiyemjua.

Kwa kampuni, jibu la swali la kwanza ni cheti cha usajili na orodha ya sasa ya wakurugenzi kutoka ofisi ya usajili wa kampuni, URSB, namba ya mlipakodi ya URA, taarifa za benki za miezi sita hadi kumi na miwili, na hesabu za mwaka kama zipo. Kampuni changa isiyo na hesabu isijifanye inazo. Iseme wazi kwamba ni changa na itaje mapema dhamana inayoweza kutoa. Jibu la swali la pili ni aya mbili zinazoeleza bidhaa, saa za kazi, idadi ya wafanyakazi, na kama kuna mashine, harufu au mzigo mzito. Jibu la tatu ni barua ya mwenye nyumba wa awali inayosema kodi ililipwa lini na kwa namna gani. Barua hii ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi, ingawa kwa uzoefu wangu ndiyo inayosomwa kwanza.

Mfano wetu una tatizo hapa. Mkataba unasema chumba kitatumika kwa "uuzaji wa vitambaa na nguo". Mnunuzi anauza vipodozi. Hivyo mpangaji anaomba vitu viwili, ridhaa ya kuhamisha na ridhaa ya kubadili matumizi, na havilingani kwa nguvu: kifungu cha matumizi katika mkataba wake hakina maneno ya sababu za msingi. Ni afadhali kulisema hilo waziwazi katika barua kuliko kumwacha mwenye jengo aligundue mwenyewe, kwa sababu akiligundua atajiuliza ni lipi jingine lililofichwa.

Hatua ya nne: barua

Barua iandikwe kwa lugha ya mkataba, ambayo kwa Uganda huwa ni Kiingereza, ipelekwe kwa anwani iliyotajwa katika kifungu cha taarifa, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Ujumbe wa WhatsApp kwa meneja ni adabu njema lakini hauchukui nafasi ya barua. Kiini chake, nikikiandika kwa Kiswahili, kiwe hivi:

> YAH: OMBI LA RIDHAA YA KUHAMISHA PANGO LA DUKA LA CHINI NA YA KUBADILI MATUMIZI
>
> Ninarejelea mkataba wa pango wa tarehe 1 Machi 2023 kati yako na mimi. Kwa mujibu wa kifungu cha uhamishaji, ninaomba ridhaa yako ya maandishi ili nihamishe muda wote uliobaki wa pango hilo, kuanzia tarehe 1 Julai 2026, kwa kampuni iliyotajwa katika kiambatisho cha kwanza.
>
> Kampuni hiyo inakusudia kuuza vipodozi vilivyofungashwa, kwa rejareja. Haitachanganya wala kutengeneza bidhaa ndani ya chumba. Kwa kuwa kifungu cha matumizi kinataja vitambaa na nguo, ninaomba pia ridhaa yako kwa matumizi hayo.
>
> Nimeambatisha hati za usajili, taarifa za benki za miezi kumi na miwili, barua ya mwenye jengo wa sasa wa kampuni hiyo, na taarifa ya akaunti yangu inayoonyesha kwamba sidaiwi. Kampuni iko tayari kuweka amana ya kiasi kilekile nilichoweka mimi na kutia saini hati ya kukubali masharti yote ya mkataba moja kwa moja kwako.
>
> Nitalipa gharama za kisheria zinazofaa kwa ajili ya ombi hili. Naomba makadirio yake kabla hazijaingiwa. Ninaomba jibu lako ndani ya siku 21. Ukihitaji taarifa zaidi, naomba uzitaje kwa maandishi ndani ya siku saba za mwanzo.

Siku 21 si takwa la kisheria. Ni muda ambao mwombaji anaweza kuutetea baadaye akiulizwa kama alimpa mwenye jengo nafasi ya kutosha. Ile siku saba inasaidia kuzuia mchezo wa kuomba hati moja kila wiki. Kuhusu makadirio ya gharama, usione haya kuyaomba. "Gharama za kisheria" zisizo na kikomo zimewahi kugeuka kuwa ada ya ridhaa kwa jina jingine.

Wakati huohuo, mkataba wa mauzo kati ya muuzaji na mnunuzi useme kwamba mauzo yote yanategemea ridhaa kupatikana kwa maandishi kufikia tarehe fulani, na kwamba isipopatikana, malipo ya awali, ambayo ni vyema yakae kwa wakili, yanarudishwa yote. Mnunuzi asipewe funguo "ajizoeshe" kabla ya ridhaa. Kumruhusu aingie ni kuachia umiliki wa chumba, na hilo peke yake linaweza kuwa uvunjaji wa mkataba unaompa mwenye jengo haki ya kudai chumba chake.

Hatua ya tano: kupima masharti

Baada ya siku kumi na sita, meneja wa jengo alijibu. Ridhaa itatolewa kwa masharti saba: malimbikizo yote yalipwe, mpangaji mpya aweke amana ya miezi mitatu, wakurugenzi wake wawili watoe udhamini wao binafsi, kodi ipande hadi 4,000,000, mwenye jengo alipwe 5,000,000 za ridhaa, mpangaji mpya achukue pia stoo iliyo wazi ghorofa ya tatu, na dari iliyotobolewa kwa ajili ya taa irekebishwe.

Mahakama za Uganda zinapolazimika kuamua kama sababu au sharti ni la msingi, hukumu za Uingereza za kanuni ya kawaida hutazamwa kama zenye kushawishi, na kesi ya International Drilling Fluids dhidi ya Louisville Investments ya 1986 imekusanya misingi yake vizuri. Lengo la kifungu cha ridhaa ni kumlinda mwenye jengo asipate mpangaji asiyefaa au matumizi yasiyofaa. Kwa hiyo hawezi kukataa kwa sababu isiyohusiana na pango lenyewe. Halazimiki kuthibitisha kwamba hofu yake ni ya kweli, mradi mtu mwenye busara katika nafasi yake angeweza kuwa na hofu hiyo. Tena anaruhusiwa kutazama maslahi yake mwenyewe kwanza, isipokuwa pale ambapo faida yake ni ndogo mno kulinganisha na hasara ya mpangaji.

Kwa matumizi ya kila siku, mimi huuliza swali moja mbele ya kila sharti: je, linamlindia mwenye jengo kile alichokuwa nacho, au linampa ambacho hakuwa nacho?

Malimbikizo na dari ni rahisi. Mkataba uliahidi kodi ilipwe na chumba kitunzwe. Kuyadai kabla ya mpangaji kuondoka ni kulinda ahadi ileile. Dari ilirekebishwa kwa siku mbili. Laiti meneja angedai dari mpya ya duka zima kwa sababu ya matundu sita, lingekuwa jambo jingine.

Amana na udhamini vinahitaji kutazamwa pamoja. Kampuni ya vipodozi ina umri wa miaka miwili na wakurugenzi wake hawana dhima binafsi, ilhali mfanyabiashara wa vitambaa alipanga kwa jina lake na mali yake yote ilikuwa nyuma ya kodi. Mwenye jengo kwa kweli anapata mpangaji dhaifu zaidi, na ni haki aombe kitu cha kuziba pengo hilo. Udhamini wa wakurugenzi unaliziba. Amana kubwa zaidi nayo ingeliziba. Kudai vyote viwili, amana mara tatu na udhamini usio na kikomo, ni kuziba pengo moja mara mbili. Walijadiliana wakafika kwenye amana ya mwezi mmoja na udhamini wa wakurugenzi wenye kikomo cha kodi ya miezi sita, yaani shilingi 19,200,000. Udhamini usio na kikomo cha kiasi wala muda ni jambo ambalo ningemshauri mkurugenzi yeyote asilitie saini kwa haraka ya kufungua duka.

Kodi ya 4,000,000 ni ongezeko la asilimia 25. Mkataba una bei hadi Februari 2028, na mnunuzi ananunua mkataba huohuo. Kumtaka alipe zaidi ni kumpa mwenye jengo mkataba bora kuliko aliosaini. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022, kwa upande wake, imeweka kikomo cha ongezeko la kodi kuwa asilimia 10 kwa mwaka. Lakini hoja ya kwanza inatosha na ndiyo inayopaswa kutangulia katika barua ya majibu, kwa sababu hata ongezeko la asilimia tano kama bei ya ridhaa lingekuwa na kasoro ileile. Kama mkataba una kipengele cha kupitia kodi katika tarehe fulani, hicho kinaendelea na mnunuzi anakirithi.

Milioni tano za ridhaa ni faini ya kuhama. Gharama halisi za wakili na za kumkagua mnunuzi ni halali; kiasi cha mviringo kisicho na risiti ya kazi yoyote si halali pale kifungu kinapotaka sababu za msingi. Wenye majengo husema kwamba mpangaji anapokea gudwili kwa sababu ya jengo lao, na kwa hiyo wana haki ya kupata fungu. Hoja hiyo inaeleweka, na anayeitaka ana njia nyoofu ya kuipata: aiandike katika mkataba tangu mwanzo, kwamba pango likihamishwa atapata asilimia kadhaa ya gudwili. Ikiwa imeandikwa, mpangaji aliikubali na ataitimiza. Katika mfano wetu haikuandikwa.

Stoo ya ghorofa ya tatu ndiyo sharti lililo dhaifu kuliko yote. Halihusiani na duka la chini hata kidogo. Linafanana kwa roho na kesi ya Houlder Brothers dhidi ya Gibbs ya 1925, ambapo mwenye nyumba alikataa ridhaa kwa sababu mpangaji mpya alikuwa amepanga kwake katika jengo jingine na angeliacha wazi. Mahakama ilisema hiyo si sababu ya msingi, kwani inahusu mali nyingine. Wanaomiliki majengo mawili au matatu ya maduka mjini Kampala hukutana na hali hii mara kwa mara, wakati mpangaji wa jengo lao moja anaponunua duka katika jengo lao jingine.

Yalibaki matumizi. Hapa mwenye jengo alikuwa na nguvu, na hakuitumia vibaya. Alieleza kwamba duka la jirani lina ahadi ya maandishi kwamba hakuna mwingine atakayeuza manukato katika ghorofa hiyo. Mnunuzi alikubali kutouza manukato. Sharti hilo ni la kuudhi kibiashara lakini ni la msingi: mwenye jengo analinda ahadi aliyoitoa kwa mpangaji mwingine kabla ombi halijaja.

Hatua ya sita: pale jibu lisipokuja, au linapokuja vibaya

Kimya si ridhaa. Siku 21 zikipita, andika tena, taja tarehe ya barua ya kwanza, omba sababu, na utaje hasara itakayotokea mauzo yakivunjika. Mzigo wa kuonyesha kwamba ridhaa imezuiwa bila sababu za msingi uko kwa mpangaji, na barua hizi mbili zenye mihuri ndizo ushahidi wake mkubwa, kwa kuwa mwenye jengo asiyetoa sababu yoyote anairahisishia mahakama kuhisi kwamba hakuwa nayo.

Kisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuomba mahakama itamke kwamba ridhaa imezuiwa isivyo halali. Kesi itapelekwa kwanza kwenye usuluhishi, na mara nyingi mambo humalizikia hapo. Ya pili ni kuhamisha pango bila ridhaa na kujitetea baadaye. Kisheria uhamishaji huo unaweza kusimama kati ya muuzaji na mnunuzi, lakini mkiwa mmekosea kuhusu sababu za msingi, mwenye jengo ana haki ya kudai chumba, na mnunuzi aliyelipa milioni 45 ndiye atakayekuwa amesimama ndani yake. Sioni mnunuzi makini anayepaswa kukubali njia hiyo.

Mwenye jengo naye ajihadhari. Akijua kwamba chumba kimehamishwa bila ridhaa yake, kisha akapokea kodi kutoka kwa aliyeingia, anaweza kuhesabiwa kuwa ameusamehe uvunjaji huo.

Hatua ya saba: hati, na kumfungua anayeondoka

Ridhaa ikipatikana, hati ni mbili: hati ya ridhaa, inayosainiwa na mwenye jengo, anayeondoka, anayeingia na wadhamini, na hati ya uhamishaji kati ya wapangaji wawili. Zilipiwe ushuru wa stempu kupitia URA, kwa maana hati isiyolipiwa haipokelewi mahakamani kama ushahidi, na kama pango lilisajiliwa, uhamishaji nao usajiliwe. Mwenye jengo asaini mwenyewe, au kwa kampuni, kwa mujibu wa katiba yake. Ridhaa ya meneja asiye na mamlaka ya maandishi isikubaliwe.

Kuna sentensi moja ambayo kukosekana kwake kumewagharimu wengi. Chini ya kanuni ya kawaida, mpangaji wa kwanza aliyeahidi kulipa kodi kwa miaka mitano anabaki na ahadi hiyo hata baada ya kuhamisha pango. Uingereza ilibadilisha jambo hili kwa mikataba mipya kupitia sheria ya 1995. Uganda haifuati sheria hiyo. Kwa mfano wetu maana yake ni kwamba kampuni ya vipodozi ikishindwa kulipa mwezi wa kwanza kabisa, mwenye jengo anaweza kumfuata mfanyabiashara wa vitambaa kule Mombasa kwa kodi ya miezi 20, yaani shilingi 64,000,000, kiasi kinachozidi bei yote ya duka.

Kwa hiyo hati ya ridhaa iseme waziwazi kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mwenye jengo anamfungua mpangaji wa kwanza kutoka katika wajibu wote utakaotokea baada ya siku hiyo, na anamkubali mpangaji mpya badala yake. Mwenye jengo halazimiki kukubali. Ridhaa ni jambo moja na kumfungua mdaiwa ni jingine, naye akikataa kufungua hajavunja kifungu cha sababu za msingi. Lakini mwenye jengo aliyepata udhamini wa wakurugenzi ana sababu ndogo ya kung'ang'ania wadeni wawili, na huo ndio wakati wa kulijadili: udhamini utolewe kwa kubadilishana na kufunguliwa. Mfanyabiashara wetu alilipata kwa njia hiyo. Asingelipata, hatua iliyofuata ingekuwa kumtaka mnunuzi aahidi katika hati ya uhamishaji kumfidia kwa kila shilingi atakayodaiwa, na wakurugenzi waidhamini ahadi hiyo pia.

Amana ishughulikiwe kwa maandishi. Ama mwenye jengo anamrudishia anayeondoka 3,200,000 zake na kupokea mpya, ama mnunuzi anamlipa anayeondoka moja kwa moja na mwenye jengo anakiri katika hati ya ridhaa kwamba sasa anaishikilia kwa jina la mnunuzi. Siku ya makabidhiano, pande tatu zisome mita ya maji, ziandike salio la umeme wa Yaka unaolipiwa kabla, zipige picha za dari, sakafu na mlango wa chuma, na kila mmoja abaki na nakala iliyosainiwa. Mnunuzi aombe leseni ya biashara ya KCCA kwa jina lake kabla ya kufungua mlango. Leseni ya aliyeondoka haimlindi.